Makopo Matatu na Siku Sita

Basi liliondoka Tunduru saa kumi na moja alfajiri, Novemba mwaka 2012, na mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Masasi. Nilikuwa mchora vibao. Saluni, duka la dawa, gereji, hoteli ya chai, karibu kila kibao cha barabara yetu kilikuwa kimepita mikononi mwangu. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa akichora picha za Tingatinga huko Dar es Salaam tangu mimi sijaanza shule, na mwaka huo alipiga simu akasema: njoo wiki moja, njoo na hela yako ya vifaa, usiombe mtu.

Hela ya vifaa ilikuwa shilingi 15,000. Nauli ya kwenda na kurudi niliifunga kwenye kitambaa kingine ili nisije nikaigusa. Kwenye begi nilikuwa na daftari lenye michoro arobaini hivi, yote niliyoinakili kwa miaka mitatu kutoka kwenye kalenda, vitambaa vya meza na kadi za sikukuu. Mlima Kilimanjaro ulikuwemo mara sita.

Barabara ya kutoka Tunduru ilikuwa bado ya vumbi. Kulipokuwa kumekucha tulipita Nakapanya, na kondakta akamnyooshea abiria mmoja kidole dirishani: hapa ndipo alipozaliwa Tingatinga. Niliangalia nikaona nyumba, mikorosho na baiskeli iliyolazwa chini. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa maeneo hayo mwaka 1932. Alitoka akiwa kijana kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi za bustani kwenye nyumba za watu. Alianza kuchora mwaka 1968, akafariki mwaka 1972. Miaka minne tu. Nilikuwa nikilijua jina lake kama watoto wote wa kwetu, lakini sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini picha zake zilikuwa vile zilivyo.

Masasi tulikunywa chai. Lindi niliiona bahari kwa mara ya kwanza, upande wa kulia, na sikuona aibu kusimama kwenye kiti ili niitazame vizuri. Baada ya Somanga lami ilikuwa haijakamilika, mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza, na basi lilikwenda kwa kunyata katika tope mpaka karibu na Rufiji. Tulivuka daraja la Mkapa giza likiwa limeingia. Mbagala tulifika saa nne usiku.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umekuja na shilingi ngapi?"

Nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia habari nzuri, akachukua begi langu.

*

Jumatatu asubuhi alilipitia daftari lote bila kusema neno, akalifunga, akaliweka juu ya kabati. "Hilo utalichukua Jumapili ukiondoka." Kisha tukaenda dukani.

Nataka nieleze hesabu ya siku ile kwa utaratibu, kwa sababu picha yangu ilianzia pale, kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, kabla sijashika brashi. Shiti moja ya hadibodi, ile mbao nyembamba ya kahawia ambayo watu hupigilia dari, ina futi nne kwa nane. Iliuzwa 12,000. Mjomba aliomba msumeno, akaikata katikati kwa urefu, kisha akaikata mara tatu kwa upana. Vikatoka vipande vinane vya mraba, kila kimoja futi mbili kwa mbili, na hakikubaki hata kipande cha kutupa. Nilimwuliza kwa nini mraba, maana kalenda zote nilizoziona zilikuwa ndefu. Akaniambia nipime mabaki. Hapakuwa na mabaki. Picha nyingi za Tingatinga mwenyewe zina sentimita 60 kwa 60 hivi, na mpaka siku ile nilidhani ule mraba aliuchagua kwa ajili ya uzuri tu. Mtu asiye na hela ya kupoteza mbao anapewa umbo na msumeno, kisha anaanza kuwaza mnyama atakaaje ndani yake. Ndiyo maana mnyama wa picha zile za kwanza yuko peke yake, amejaa ubao, shingo imepinda au mkia umeinuliwa ili kona zisibaki tupu.

Mjomba alinunua vipande sita kwangu kwa 9,000, nikabaki na viwili. Mkononi nilikuwa na 12,000. Kopo la robo lita la rangi ya mafuta lilikuwa 3,500. Makopo matatu ni 10,500, na 1,500 iliyobaki ilinunua chupa ndogo ya tapentaini. Kopo la nne lilikuwa haliwezekani hata kwa kuomba punguzo.

"Chagua tatu," alisema.

Nilisimama mbele ya rafu muda mrefu. Nilitaka bluu ya anga, kijani ya majani na njano ya jua, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Akanizuia mkono. "Ukichukua hizo utachora anga, majani na jua. Ndiyo picha uliyokuja nayo kwenye daftari." Akanichagulia nyeupe, nyeusi na nyekundu.

Rangi ile ya mafuta ndiyo iliyotumiwa tangu mwanzo. Tingatinga alichukua rangi ya dukani, ya kupakia baiskeli, kwa kuwa rangi za wasanii hazikuwa kwenye uwezo wake. Ina tabia zake, na mjomba alinifundisha hizo kabla ya kitu kingine chochote. Inang'aa na haiingiliani kwa ulaini kama rangi za kwenye vitabu, kwa hiyo kuweka vivuli vya taratibu ni taabu na kuchora umbo bapa lenye ukingo mkali ni rahisi. Haikauki haraka. Kwenye hewa kavu ukipaka asubuhi unaweza kuigusa jioni, lakini kuipaka rangi nyingine juu yake ni mpaka kesho. Mwezi wa mvua ongeza nusu siku. Mafuta ya taa ni ya kuoshea brashi tu. Ukiyatia kwenye rangi inachelewa zaidi kukauka na inapoteza mng'ao. Kujua kama imekauka, usitumie ncha ya kidole, gusa kwa mgongo wa kidole: kikivutwa hata kidogo, ngoja.

Nilikuwa na siku sita. Ukitoa siku ya kuandaa ubao na usiku wa mwisho wa kukausha, nilibaki na nafasi ya matabaka manne tu. Hapo nilielewa kwamba sitaweza kurekebisha. Kwenye vibao vyangu nyumbani, nikikosea herufi napaka nyeupe juu na kuanza upya, na mteja haulizi. Hapa kila tabaka lilikuwa limeshapangiwa siku yake.

Mchana ule tulisugua vipande viwili kwa msasa, upande ulio laini, tukapaka nyeupe iliyozimuliwa kwa tapentaini mbele na nyuma. Nyuma ni muhimu. Hadibodi iliyopakwa upande mmoja hunyonya unyevu upande wa pili na kupinda kama kigae.

*

Jumanne alinipa chaki na kitambaa kibichi, akanionyesha sakafu ya saruji ya baraza. "Chora ishirini. Kila moja niite niione, halafu ufute. Ya ishirini na moja ndiyo utakayoipaka rangi, au mojawapo ya hizo nikiitaka."

Nilichora twiga. Akaja, akasema, "Nimeshaiona," akaondoka. Nikafuta. Nikachora simba. "Nimeshaiona." Mlima, mbuyu, jahazi, tembo na mtoto wake, mama mwenye mtungi, Mmasai na mkuki wake, ngoma, kanga watatu kwenye mstari. Nimeshaiona, nimeshaiona. Alikuwa hasemi kwa ukali, na alikuwa haangalii kama nimechora vizuri au vibaya. Twiga wangu alikuwa mzuri. Kufika ya kumi na mbili nilikuwa nimemaliza kila kitu nilichokuwa nakijua kwa mkono, na saa ilikuwa nne kasoro.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote za wiki ile. Nilikaa na chaki bila kuchora. Ya kumi na tatu na kumi na nne yalikuwa mambo ya kujilazimisha tu, samaki mwenye pembe, mti wenye macho, na mjomba alisema kitu kipya kwangu: "Hii sijaiona, na wewe pia hujaiona. Umeitunga ili uniridhishe." Nikafuta na hizo pia. Nakumbuka hasira. Nilitaka kumwambia kwamba nimetoka mbali kwa basi siyo kuja kufuta sakafu.

Ya kumi na saba ilitoka kwenye njaa. Nilikuwa nawaza chakula, nikawaza korosho, na kwa kuwa ilikuwa Novemba nikawaza nyumbani muda kama ule: mabibo yameiva, jioni inaingia, na popo wanashuka kwenye mikorosho. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa jambo hili. Popo hula lile bibo, korosho yenyewe haigusi, anaiangusha. Asubuhi sisi watoto tulikuwa tunakimbilia chini ya miti waliyojining'iniza usiku kuokota korosho ambazo wao wametuvunia. Nilichora tawi moja kutoka kona hadi kona, popo watatu kichwa chini, na mabibo kati yao, kila bibo na korosho yake imening'inia chini yake nayo. Nilipomaliza niliona kwamba popo na bibo vimefanana: vyote viwili vinaning'inia, vyote vina kitu kidogo cheusi mwishoni.

Mjomba alisimama juu yake muda mrefu. Hakusema ameiona. Aliuliza, "Korosho inaanguka upande gani akishamaliza?" Nikamwonyesha. "Usifute," akasema.

Nikaamua jioni ile ile nipake usuli, kwa haraka ya furaha, na hapo niliharibu. Nilichanganya nyeupe na nyeusi nikapata kijivu, nikaimwaga nzito kwenye ubao wa kwanza ili nimalize kwa tabaka moja. Jumatano asubuhi uso ulikuwa umekunjamana kama maziwa yaliyopoa. Rangi ya mafuta ikiwa nene hukauka juu kwanza. Ngozi ya juu inajivuta huku chini bado ni maji, na mikunjo hiyo haiondoki kwa msasa mpaka ndani ikauke, jambo la wiki mbili. Nilikuwa nimebaki na ubao mmoja.

*

Siku ya Jumatano ndipo picha ilipopata sura yake, na kila kitu kilichofanya iwe ilivyo kilitoka kwenye upungufu. Nyekundu ya kopo ni rangi dhaifu ya kufunika. Ukiipaka juu ya kijivu inakuwa kama damu iliyokauka, na ili iwake inahitaji nyeupe chini yake. Njia ya kawaida ingekuwa kupaka usuli, kungoja siku, kupaka duara nyeupe mahali pa mabibo, kungoja siku, ndipo kupaka nyekundu. Siku hizo nilikuwa sina. Nilimwambia mjomba na yeye akanirudishia swali: nyeupe unayoitaka iko wapi sasa hivi?

Ilikuwa kwenye ubao. Nyeupe ya Jumatatu. Kwa hiyo nilichora mabibo yote kwa penseli kwanza, ishirini na tatu, kisha nikapaka kijivu kuyazunguka, nyembamba, nikiacha kila bibo kama tundu jeupe. Usuli nikaupaka kwa ncha za vidole, kipande kwa kipande, kama mtu anayepanda mpunga. Mikono yangu haikuwa na uhakika na kingo hazikuwa za duara kamili. Zilitoka kama mabibo yenyewe yalivyo.

Alhamisi hewa ilikuwa nzito na mgongo wa kidole changu ulivutwa mpaka saa nane mchana. Mjomba akanichukua mpaka Oysterbay, kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga ulioanzishwa mwaka 1990, karibu na Morogoro Stores, pale mke wa Tingatinga alipokuwa akiziuzia picha zake. Sikuwahi kuona picha nyingi namna ile mahali pamoja. Zilikuwa zimepangwa kutoka sakafuni mpaka darini, na nyingine zilikuwa kwenye kitambaa badala ya hadibodi, kwa kuwa mgeni anaweza kukikunja akaingia nacho kwenye ndege. Ufundi wake uliniumiza moyo. Kuna mistari pale myembamba kama unywele, iliyovutwa kwa pumzi moja.

Lakini baada ya nusu saa nilianza kuwaona twiga wale wale. Shingo mbili zimepishana, jua jekundu, mti wenye kichwa bapa. Safu baada ya safu. Nilimwuliza mjomba inakuwaje, kama hadibodi na rangi ya baiskeli ndivyo vilivyomlazimisha Tingatinga kupata kitu kipya, mbona vitu vile vile havituletei kipya tena?

Alifikiri tukiwa tunatembea. Akasema Tingatinga alikuta ukuta mahali ambapo hakuna aliyewahi kupita, akatafuta tundu. Sisi tumeonyeshwa tundu tangu siku ya kwanza. Mtoto akija kujifunza anaambiwa: usuli hivi, mnyama hivi, madoa hivi. Kwake rangi ya mafuta si kikwazo tena. Anajua jibu kabla ya kuulizwa. "Ndiyo maana nilikunyang'anya daftari. Ningekupa makopo matatu na daftari lako, ungenichorea twiga mwekundu."

Nimelifikiria jibu lile kwa miaka mingi na naliona kuwa sahihi, ingawa naongeza jambo moja ambalo yeye hakulisema. Uhaba wa hela na uhaba wa siku havikufanya kazi moja. Hela kidogo ilifunga njia nilizozizoea, ikanifikisha kwenye popo na kwenye rangi tatu. Siku sita zilinizuia kurudi nyuma na kusahihisha, ndiyo maana nyeupe ya mabibo ilibidi ionekane tangu mwanzo. Lakini lau angenipa siku tatu, hakuna wazo lolote ambalo lingeniokoa: rangi ya mafuta haikaukii maombi, ningerudi nyumbani na ubao uliokunjamana. Anayempangia mwanafunzi muda mfupi lazima ajue kwanza kazi yenyewe inahitaji saa ngapi ambazo haziwezi kupunguzwa na mtu yeyote, halafu abane zile zilizobaki.

*

Jioni ya Alhamisi nilipaka popo na tawi kwa nyeusi tupu. Ijumaa alasiri nyekundu, nyembamba sana, juu ya yale matundu meupe. Bibo la kwanza liliwaka mpaka nikarudi hatua nyuma. Kisha nikaona jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Kijivu changu, kilichotoka kwenye nyeusi na nyeupe peke yake, kilikuwa kimegeuka. Karibu na nyekundu kilionekana kama kina bluu ndani yake, bluu ya saa moja jioni, muda ule ule popo wanaposhuka. Nikaufunika wekundu kwa kiganja: kijivu. Nikatoa kiganja: usiku unaingia. Jicho likishiba nyekundu huitia rangi jirani ubaridi ambao haumo kwenye kopo. Bluu niliyoililia Jumatatu dukani nilikuwa nayo, na ilikuwa nzuri kuliko ya kununua, maana bluu ya kopo ingekuwa ya mchana.

Bibo moja niliwahi mno. Lilikuwa jirani na bawa la popo ambalo nyeusi yake haijashika vizuri, brashi ikaikokota nyeusi ndani ya nyekundu na kutoa rangi ya matope. Nililiacha. Mjomba alisema kila mkorosho una bibo lililooza.

Jumamosi asubuhi ilikuwa ya mistari: nyeupe kwa brashi ya nywele chache, mishipa ya mabawa, nukta moja kwenye kila jicho, na korosho tatu zikiwa hewani zinaanguka. Hizo tatu zilitokana na swali lake la Jumanne. Saa sita nilikuwa nimemaliza.

Jumapili alfajiri rangi ya mwisho ilikuwa bado inanata. Mjomba alichukua ule ubao ulioharibika, akaulaza uso kwa uso na picha, akaweka kijiti kwenye kila kona ili visigusane, akavifunga kwa kamba ya katani. Ubao mbovu ukawa mfuniko wa ubao mzuri. Alinirudishia daftari langu pale Mbagala, na kwa njia nzima mpaka Masasi sikulifungua.

Tulipita Nakapanya saa mbili usiku. Kulikuwa na giza na sikuona kitu, lakini dirisha lilikuwa wazi na harufu ya mabibo yaliyoanguka ilikuwa inaingia ndani ya basi.

Picha iko nyumbani kwa mama, ukutani juu ya redio. Kopo la nyeusi na la nyekundu yalibaki nusu. Mwezi uliofuata fundi baiskeli wa sokoni alikuja kutaka kibao, akataka gurudumu na spana kama vya fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara. Nilimpa chaki na kitambaa kibichi, nikamwonyesha sakafu.